Uzoefu wangu: programu ya kufupisha somo lililorekodiwa

Nimetumia programu hii kwa masomo sita ya hisabati. Unaipa rekodi ya sauti, inaigeuza kuwa maandishi, kisha inakutolea muhtasari wenye maswali uliyouliza, majibu ya wanafunzi na muda wa kila shughuli. Nitaeleza somo la kwanza, la kujumlisha sehemu, kwa sababu ndilo lililonifundisha namna ya kuusoma muhtasari wenyewe.

Somo lilikuwa la dakika 40, simu iko kwenye mfuko wa shati. Muhtasari ulisema nimeuliza maswali 52. Nilifurahi, nikajiona mwalimu mshirikishi. Kisha nikachukua kalamu nikayapitia moja moja. Maswali 21 yalikuwa “Sawa?”, “Tuko pamoja?” na “Tumeelewana?”, ambayo darasa zima huitikia ndiyo hata kama hakuna aliyeelewa. Mengine 16 yalikuwa yale ya kumalizia neno: mimi nasema “Namba ya juu inaitwa kia…?”, wao wanamalizia “siii!” Programu iliyahesabu kama majibu sahihi ya wanafunzi, na ukiyasoma haraka utadhani darasa linajua kiasi ni nini. Yalibaki 15, na kati ya hayo matatu tu ndiyo yaliyoanza na “kwa nini” au “umejuaje”.

Hesabu yenyewe nayo si ya kutegemea moja kwa moja. Katika Kiswahili “Mmemaliza” na “Mmemaliza?” hutofautishwa na sauti tu, na mara kadhaa programu iliweka nukta palipostahili alama ya kuuliza.

Kilichonishtua kilikuwa dakika ya 17. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejibu kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5, yaani amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ni kosa la kawaida sana kwenye mada hii. Muhtasari uliandika: “Mwalimu aliuliza kwa nini hatujumlishi asili. Mwanafunzi alieleza kuwa vipande havilingani.” Sikumkumbuka mwanafunzi huyo. Nikarudi kwenye rekodi, nikasikiliza mara tatu. Aliyeeleza ni mimi. Niliuliza, haikupita hata sekunde moja, nikajijibu kwa sauti ya chini kidogo, na programu ikadhani ni mtu mwingine.

Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi wanafunzi hutoa majibu marefu zaidi. Niliyasoma hayo chuoni nikayajibia mtihani. Kujisikia mwenyewe nikimnyang'anya mtoto nafasi ya kufikiri ni jambo jingine kabisa, na liliniuma.

Tangu siku hiyo siupokei muhtasari ambao kila swali na kila jibu halina dakika na sekunde yake. Programu inaruhusu kuandika maelekezo, nami huandika hivi: nukuu maneno yenyewe, weka muda, andika “msemaji hajulikani” pale usipokuwa na hakika, usitathmini. Bila hilo la mwisho itakuandikia kwamba wanafunzi walielewa vizuri, na ukitafuta ushahidi wake kwenye rekodi huupati.

Kwa upande wa muda, iligawa hivi: utangulizi dakika 6, ufafanuzi 15, vikundi 14, majumuisho 5. Hizo 14 za vikundi zinadanganya. Ilianza kuhesabu niliposema “Kaeni kwenye vikundi”, lakini madawati yaliburutwa na karatasi zikagawiwa kwa dakika 5 nzima. Kazi halisi ilikuwa dakika 9. Halafu simu ikiwa mfukoni mwangu, vikundi vingine havikusikika kabisa, na muhtasari ukasema vilikuwa kimya. Siku hizi naiacha simu juu ya dawati la kikundi kimoja, na ninaamini nilichokisikia hapo tu.

Jambo la lazima: omba ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi kabla ya kurekodi, ondoa majina ya watoto kwenye maandishi, na futa sauti ukishamaliza.

Somo la pili la sehemu nililirekodi wiki iliyofuata. Nikauliza swali lilelile kuhusu asili, nikahesabu kimoyomoyo hadi tatu. Kimya kilinielemea. Kwenye rekodi inasikika kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mtoto, taratibu: “Kwa sababu… nusu ni kipande kikubwa, theluthi ni kidogo, sasa ukivihesabu pamoja… hujui unahesabu nini.” Safari hii programu iliandika “mwanafunzi”, na ilikuwa sahihi.