TAHADHARI: "Chaja ya moto wa mkaa" ya wati 10 inayozungushwa Kariakoo

Wakuu, kuna kidude kinapigiwa debe Kariakoo na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni bamba la bati lenye mapezi madogo ya alumini kwa juu, waya mbili na tundu la USB. Unaambiwa ukibandike ubavuni mwa jiko la mkaa, kinatoa wati 10, maharage yakiiva na simu imejaa. Shikeni hela zenu kwanza.

Kanuni yake ni ya kweli, ndiyo maana watu wananasa. Ndani kuna vigae vitatu vya kugeuza joto kuwa umeme, ambavyo mafundi huviita peltia. Upande mmoja ukipata moto na wa pili ukabaki baridi, umeme unatoka. Kinachozalisha ni tofauti ya joto kati ya pande mbili. Moto ukiwa mkali huku mapezi nayo yanaungua, hupati kitu.

Angalieni wati 10 zinavyopikwa. Kigae cha SP1848-27145, cha sentimita 4 kwa 4, huuzwa kwa maelezo kwamba tofauti ya nyuzi 100 inatoa volti 4.8 na miliampea 669. Muuzaji anazidisha, anapata wati 3.2, mara vigae vitatu, basi "10". Ila zile volti 4.8 hupimwa bila mzigo wowote, na zile miliampea 669 hupimwa waya zikiwa zimegusanishwa. Haviji pamoja hata siku moja. Kigae kinatoa nguvu nyingi zaidi pale volti inapoanguka hadi nusu na mkondo ukiwa nusu, kwa hiyo unabaki na robo ya hesabu yake: wati 0.8 kila kimoja, 2.4 kwa vyote vitatu.

Na hizo 2.4 nazo hamtaziona. Vigae hivi hugeuza takriban asilimia 2 tu ya joto linalopita ndani yake. Kupata wati 0.8 lazima wati 40 hivi za joto zipite kwenye kila kigae, na zote zitokee kwenye mapezi. Ni sawa na kubandika pasi tatu za kulehemu za wati 40 kwenye kipande cha alumini kinachoenea kiganjani, bila feni, katika hewa ya Dar ya nyuzi 30. Hayawezi. Tuseme upande wa moto umefika nyuzi 140 na mapezi yamepanda hadi 100. Tofauti imebaki 40, na hapo kila kigae kinatoa volti 1.8 bila mzigo na miliampea 368 zikigusanishwa. Robo yake, mara tatu, ni nusu wati. Busta ya kupandisha volti ikila asilimia 20, zinabaki wati 0.4, yaani miliampea 80 kwa volti 5. Betri ya simu ya mAh 5000 hubeba kama wati-saa 19. Koleeni mkaa siku mbili usiku na mchana, simu ikiwa imezimwa.

Busta haiokoi kitu, maana hupandisha volti kwa kula mkondo. Simu ikidai ampea 1, busta inataka zaidi ya ampea 2 kutoka kwenye vigae visivyofikisha hata 0.4. Volti inaporomoka, busta inazima, inawaka tena. Ndiyo ile alama ya chaji inayokuja na kupotea.

Mbona kwa muuzaji kinachaji? Anakuonyesha dakika tatu za mwanzo, mapezi yakiwa bado baridi, au anapima volti bila mzigo. Vingine vina betri ya lithiamu imefichwa ndani. Kipimeni kabla ya kukaribia moto: USB ikitoa volti 5 kikiwa baridi kabisa, hiyo ni betri. Kisha kiacheni jikoni dakika 15 na muunge rezista ya omu 10, wati 5. Hiyo inadai wati 2.5 tu, robo ya anachotangaza. Volti ikishuka chini ya 4.5, mrudishieni mwenyewe.

Someni pia maandishi kwenye kigae. Kikiwa TEC1-12706, hicho ni cha kupozea, na risasi iliyounganisha vipande vyake kwa kawaida huyeyuka nyuzi 138. Mkaa unaowaka unapita hapo mara nyingi. Kikishayeyuka, mita inaonyesha waya imekatika, na hakitengenezeki.

Kwa kulinganisha, jiko la kambini la BioLite CampStove 2, lenye feni yake, linatangazwa kwa wati 3. Anayetaka kujijengea aache mapezi, aweke sufuria ya maji juu ya kigae kwa pasta ya joto na kuibana vizuri. Maji hayavuki nyuzi 100, na akiyabadilisha kila yanapopata moto tofauti inabaki kubwa.

Aliyekwisha kukinunua akifungue kabla ya kukirudisha motoni. Akikuta betri ndani, asikikaribishe jiko tena: lithiamu ikipata moto hulipuka.