Uzoefu wangu: kurekebisha jina la akaunti lisilolingana na kitambulisho cha NIDA, Dodoma

Nyota tatu kati ya tano. Huduma ninayoipima ni ya marekebisho ya taarifa za mteja katika tawi la benki moja hapa Dodoma mjini. Jina la benki naliacha, kwa sababu utaratibu wa benki nyingine haupishani sana na huu. Kazi yangu ni kuandaa orodha za malipo ya wakulima wa zabibu, na huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo majina yasiyolingana napambana nayo kila msimu.

Nianze na mfano wa kutunga, ila aina yake ni ya kila siku. Akaunti inasomeka LEHEMA YOHANA. Ilifunguliwa miaka ya nyuma kwa kadi ya mpiga kura na barua ya mtendaji. Kitambulisho cha NIDA kinasomeka REHEMA YOHANA CHIBAGO. Mtu ni mmoja, picha ni ile ile, ila kwenye mfumo kuna tofauti mbili: herufi ya kwanza, na jina la tatu ambalo halipo kabisa. Huku kwetu l na r hubadilishana mdomoni, na karani huandika alichosikia. Majina yenye nh, mh na ng' ndiyo yanayosumbua zaidi, kwa sababu mifumo mingine haipokei ile alama ya juu na huiondoa yenyewe. Kata ya Nghong'onha yenyewe inaandikwa kwa namna zaidi ya moja, sembuse jina la mtu.

Watu wengi hushangaa kwamba pesa huingia siku zote bila shida, halafu siku moja zinagoma. Sababu ni njia iliyotumika. Ukituma kutoka kwenye simu kwenda benki, kinachoamua pesa ziende wapi ni namba ya akaunti. Jina linatokea tu kabla ya kuweka namba ya siri, ili mtumaji athibitishe mwenyewe. Anayemfahamu Rehema ataona LEHEMA na kuendelea. Mnunuzi wa zabibu asiyemfahamu atasita, na ana haki ya kusita.

Malipo ya mkupuo ni habari nyingine. Ushirika hupeleka faili moja lenye jina, namba ya akaunti, benki na kiasi cha kila mkulima. Tuseme Rehema anadai shilingi 640,000, na kwenye faili jina limechukuliwa kutoka daftari la wanachama, ambalo linafuata NIDA. Benki inayopokea inalinganisha jina la kwenye faili na jina la akaunti. Yakipishana sana, pesa hurudishwa zilikotoka au hukaa kwenye akaunti ya muda ya benki mpaka mtu azishughulikie. Dalili yake ni hii: wenzake wa orodha ile ile wamepata ujumbe wa simu, yeye hajapata, na ukiuliza kwa mlipaji unaambiwa pesa zimetoka. Hapo usigombane na karani wa ushirika. Omba namba ya kumbukumbu ya muamala, upeleke tawini, uulize kama umekataliwa au unasubiri. Hayo ni majibu mawili tofauti. Uliokataliwa utalipwa upya na ushirika. Unaosubiri unaweza kuachiwa pale pale benki ikijiridhisha kwamba mwenye akaunti ndiye aliyekusudiwa.

Kuna wanaotibu kwa kuandika LEHEMA YOHANA kwenye faili ili pesa zipite. Zinapita kweli, lakini mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akija atakuta aliyelipwa hayumo kwenye daftari la wanachama. Sipendekezi.

Kwenye mkopo ndipo tofauti hii inapouma. Benki inapochukua namba ya NIDA, ile ya tarakimu 20, inarudishiwa majina na taarifa zilizoko NIDA na kuzilinganisha na ilizonazo. Hapo afisa mikopo anagonga ukuta wa kwanza. Wa pili ni historia ya mikopo. Kama Rehema aliwahi kukopa na kumaliza kulipa kwa jina la LEHEMA na kadi ya mpiga kura, kutafuta kwa namba ya NIDA kunaweza kutoa karatasi tupu. Anaonekana mgeni, na mgeni hupewa kidogo. Ukuta wa tatu ni dhamana: hatimiliki ya kimila ya shamba imeandikwa kijijini, pengine kwa tahajia ya tatu ambayo haimo benki wala NIDA. Mkataba wa mkopo hauwezi kumfunga mtu mwenye majina matatu bila karatasi inayosema wote ni mtu mmoja.

Kabla ya kwenda popote, kusanya majina yote na uyaandike kwenye karatasi moja, herufi kwa herufi, yakiwa chini kwa chini. La NIDA lichukue kwenye kitambulisho. La laini ya simu liangalie kwa kupiga *106#, maana laini zilisajiliwa kwa alama za vidole na jina lake hutoka NIDA. La akaunti usilitoe kwenye kadi ya ATM: kadi ina nafasi chache na jina refu hukatwa, kwa hiyo CHIBAGO kukosekana kwenye kadi hakumaanishi kwamba halipo kwenye mfumo. Omba taarifa ya akaunti iliyochapishwa tawini. Ongeza la hati ya shamba na la daftari la ushirika.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia unahitaji nini. Tofauti ya herufi, mpangilio wa majina au jina la tatu lililosahaulika kwa kawaida humalizwa na hati ya kiapo, ambayo wengi tunaiita afidaviti, mbele ya wakili au mahakamani. Jina jipya kabisa ni jambo jingine. Aliyebadilisha jina kwa dini au kwa hiari yake anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Aliyechukua jina la mume anahitaji cheti cha ndoa.

Kiapo ndicho kinachoharibika mara nyingi, na huharibika kwa uvivu wa kuandika. Kinatakiwa kitaje kila tahajia kama ilivyo, kitaje inapopatikana (akaunti namba fulani, kitambulisho namba fulani, hati ya shamba namba fulani), kiseme majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na kimalizie na jina atakalotumia kuanzia sasa. Kiwe na sahihi, tarehe, mahali, na muhuri wa kamishna wa viapo. Kiapo kinachotaja majina mawili wakati yako matatu kitapita kwenye akaunti na kukwama kwenye dhamana, na hapo utalipia kingine. Soma kabla ya kusaini. Nimeona viapo vya kunakili ambavyo namba ya akaunti ni ya mteja wa jana yake.

Marekebisho yenyewe hufanyika tawini; wakala wa benki hawezi kukusaidia, hata awe jirani yako. Peleka kitambulisho halisi na nakala, kiapo halisi na nakala, picha ndogo, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji kama benki inaitaka. Unajaza fomu ya marekebisho ya taarifa za mteja na kuweka sahihi mpya. Tawi hili liko vizuri kwenye mapokezi: foleni inaeleweka, dada wa huduma kwa wateja anajua fomu gani inahusika, na hakuna kuzungushwa. Hapo nawapa haki yao.

Nyota mbili nimezipunguza kwa kinachofuata baada ya fomu. Mfumo wa benki una jina sehemu mbili: kwenye kumbukumbu ya mteja, inayofunguliwa kwa namba ya mteja, na kwenye akaunti yenyewe. Mara nyingi wanabadilisha moja na kusahau ya pili. Taarifa ya akaunti inatoka na REHEMA YOHANA CHIBAGO, mteja anaondoka anacheka, halafu afisa mikopo anafungua kumbukumbu ya mteja na kukuta LEHEMA bado yupo. Uliza moja kwa moja: "Mmebadilisha kwenye namba ya mteja au kwenye akaunti tu?" Uliza pia kama una namba ya mteja zaidi ya moja. Aliyefungua akaunti ya pili kwa NIDA wakati ile ya kadi ya mpiga kura bado ipo, huwa na namba mbili, na benki inamhesabu kama watu wawili. Aombe ziunganishwe.

Jambo jingine wanalolisahau ni tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku. Wazee wengi walifungua akaunti kwa kutaja mwaka tu, karani akajaza siku aliyoitaka. Jina likishalingana lakini tarehe ikabaki ya zamani, uhakiki unaweza kugoma tena na kila mtu akaendelea kulilaumu jina. Rekebisha vyote kwa fomu moja.

Ukishaambiwa tayari, usisubiri ujumbe. Mimi sijaona tawi hili likituma. Tuma shilingi 1,000 kutoka kwenye simu ya mtu mwingine na asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likitokea sawa, peleka nakala ya taarifa mpya kwa karani wa ushirika ili orodha ya msimu ujao ibebe jina hilo hilo.

Wapo wanaoshauri kufunga akaunti na kufungua mpya kwa NIDA, kwamba ni rahisi. Ni rahisi kweli kama akaunti haina kitu na huna mpango wa kukopa. Kwa mkulima ni hasara, kwa sababu afisa mikopo anataka kuona pesa za mavuno zilivyoingia misimu iliyopita, na akaunti mpya haina mavuno ya kuonyesha.

Kosa likiwa upande wa NIDA, yaani cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vinasema Rehema na kitambulisho kikasema Lehema, hesabu inabadilika. Mkulima asiye na vyeti vingine namshauri avute kila kitu kifuate NIDA, hata kama herufi haimpendezi. Mwajiriwa, au mwenye vyeti vya shule na michango ya mafao kwa jina sahihi, aende ofisi ya NIDA ya wilaya na vyeti halisi aombe marekebisho, kwa sababu kiapo hakitambeba mpaka kustaafu. Namba yake itabaki ile ile. Lakini benki na kampuni ya simu zilishachukua jina la zamani na hazitajua limebadilika mpaka azipitie moja moja, aanze na laini ya simu inayopokea ujumbe wa benki.