Lupu moja ao FreeRTOS: kagari kangu kaligonga ukuta

Kagari kangu ka ESP32, hapa Goma, kalianza na lupu moja: soma sensa, endesha mota, tuma data. Iko rahisi, na kama kazi zote ni fupi inatosha. Shida ni neti, ikikatika (Goma tunajua) kodi inangojea sekunde 5 kuunganisha, mota inabakia na amri ya zamani, kagari ni pwaa ku ukuta.

Na FreeRTOS, mfumo mudogo wenye kugawanya kodi mu taski zenye kupokezana prosesa, nilipatia mota taski yake, kipaumbele 3, inaamuka kila milisekunde 10 na `vTaskDelayUntil`. Taski ya mawasiliano iko na kipaumbele 1, ya chini, ingojee neti yenyewe. Sensa inaacha kipimo mu foleni ya nafasi moja, `xQueueOverwrite`, mota inasoma kipya tu. Lakini chunga, taski ya juu ikizunguka bila kulala, za chini ku koa ile ya prosesa hazipati nafasi.