Nimeijaribu prompti ya dada wa genge: bango la nyanya, mchicha na machungwa, imefaa au haijafaa?

Oya mambo vipi, karibuni tena. Leo sijaleta simu wala blenda, leo nakagua prompti, ndio, prompti, yale maneno unayoiandikia programu ya akili mnemba ikutolee picha. Kuna dada ana genge hapa mtaani kwetu Tabata, anauza mboga na matunda, mimi ndo namprintia vitu vyake kwenye steshenari yangu, juzi kaja na simu kaninyooshea, "kaka niprintie hii, bango la kubandika gengeni". Nikaangalia ile picha nikamwambia dada kaa kwanza, nani kakuchorea hivi? Akasema kaandika mwenyewe kwa simu, na ilimtoa jasho mpaka ikakubali.

Basi nikamuomba ruhusa nichukue prompti yake niichambue hapa, kakubali, ila jina lake silitaji. Hii hapa skrini, soma na mimi:

```
Tengeneza bango zuri sana la kuvutia la genge langu,
matunda na mboga freshi, nyanya chungu, mchicha,
machungwa, maembe, ubora wa hali ya juu, 8K,
rangi kali, andika KARIBUNI WATEJA BEI POA
```

Ukiisoma haraka unaona iko poa tu si ndio? Sasa cheki picha iliyotoka. Kuna turubai la mistari myekundu na myeupe, kuna kreti za mbao, kuna kiubao cha chaki, na mezani kumejaa stroberi, zabibu, matufaa na brokoli. Brokoli jamani! Genge la Tabata! Na nyuma ya meza wamesimama vijana wanne wamekunja mikono kama walinzi wa klabu. Mimi na dada tukaangaliana, hawa kina nani? Ikabidi nisome prompti tena ndo nikacheka mpaka machozi, kaandika "genge", na genge kwa kiswahili ni kibanda cha mboga lakini pia ni genge la wahuni, sasa programu imeona isijisumbue kuchagua, ikaweka vyote, mboga na wahuni wake.

Hapo ndo nataka tukae kidogo, maana kwenye hizi prompti za kiswahili tatizo kubwa liko hapo, neno lenye maana mbili. Nyanya chungu, sisi wote tunazijua, zile nyeupe nyeupe za kijani hafifu, chungu kidogo, ukizitia kwenye dagaa ni balaa. Picha ilileta nini? Nyanya nyekundu ndani ya chungu cha udongo. Yaani chungu cha kupikia kabisa, kimechorwa vizuri kina mpaka moshi. Nikasema ngoja niandike jina lake la kiingereza labda itaelewa, ikaleta biringanya la zambarau linang'aa. Nikajaribu "nyanya kwenye tenga", mara ya kwanza ikaleta nyanya zimetenganishwa moja moja kwenye meza kama mitihani ya darasa la saba, tenga la kubebea haikulijua.

Kwa hiyo nilichofanya nikaacha kutaja jina nikaanza kutaja sura. Hizi programu zimefundishwa kwa picha zilizowekewa maelezo, na picha nyingi za sokoni zenye maelezo ni za Ulaya na Marekani, ndo maana ukisema tu "matunda na mboga freshi" inakupeleka huko huko kwenye stroberi. Hana nia mbaya, anakupa alichokiona mara nyingi. Ukimwambia kitu kikoje, ukubwa gani, rangi gani, kimepangwaje, ndo unamrudisha mtaani kwako. Na usiandike "usiweke brokoli", nimejaribu, brokoli zikaongezeka, kwenye programu nyingi ukishalitaja neno umeshaliita. Zipo zenye sehemu yake ya kuandika visivyotakiwa, hapo sawa, ila kwenye kisanduku cha kawaida sema unachotaka tu.

Hii ndo ya pili niliyoandika na dada yuko pembeni ananirekebisha:

```
Picha ndefu ya wima. Meza ya mbao ya kuuzia mboga kando
ya barabara Dar es Salaam, mwanga wa asubuhi.
Mbele: nyanya nyekundu kwenye kikapu kipana cha kusukwa.
Kushoto: mboga za mviringo, ndogo kama yai, nyeupe ya
maziwa na kijani hafifu, zimerundikwa.
Kulia: machungwa yenye ganda la kijani, moja limekatwa.
Nyuma: majani mabichi yamefungwa mafungu kwa kamba.
Theluthi ya juu ni ukuta mtupu wa bluu.
```

Angalieni tofauti. Sijasema zuri, sijasema la kuvutia, sijasema 8K, maana hiyo 8K, yaani picha ya pikseli kama elfu nane kwa upana, watu wanaiweka kama chumvi lakini haiongezi kitu kwenye faili, nitarudi hapo. Nyanya chungu zimetoka zenyewe kabisa, dada kasema hizi hizi. Machungwa hapo nampa dada maksi, yeye ndo alinishtua, mimi nilikuwa nimeacha yale ya rangi ya chungwa yanayong'aa na jani moja juu, akasema "kaka nani Dar anauza hayo, mteja akija akakuta yangu ya kijani ataona mabichi". Ni kweli, machungwa yetu ya Muheza yanaiva na ganda bado la kijani, maana ganda linabadilika rangi vizuri kule kwenye usiku wa baridi, sisi joto usiku na mchana. Ndo maana nimeongeza "moja limekatwa", ili ndani ionekane limeiva.

Maembe tumeyatoa. Tuko Juni, embe atalitoa wapi?

Sasa kuna kitu kilinigharimu karibu lisaa. Mwanzo nilitaka nyanya zikae kwa mafungu kama anavyouza, fungu moja nyanya nne, tatu chini moja juu. Nikaandika hivyo hivyo kwa namba. Fungu la kwanza likatoka na nne, la pili tano, la tatu nikahesabu saba. Nikarudia mara sita, kila mara mafungu hayalingani. Hizi programu kuhesabu vitu vinavyofanana ni shida, moja mbili inaweza, ikizidi hapo mara nyingi inabahatisha. Wewe unaweza kusema aah nani atahesabu nyanya kwenye bango, basi hujawahi kukaa gengeni. Dada kaniambia pale pale, "mteja ataninyooshea kidole, mbona kwenye picha ziko saba na mimi umenipa nne". Ndo tukahamishia nyanya kwenye kikapu, zikirundikwa hakuna wa kuzihesabu. Kama wewe lazima mafungu yaonekane, piga picha fungu lako halisi kwa simu, asubuhi kabla jua halijapanda, kisha uiweke juu ya hiyo picha, kiukweli ingekuwa bora hata zaidi.

Maandishi. Kwenye ile ya kwanza "KARIBUNI" ilitoka "KARIBUNNI" na "WATEJA" ikawa na herufi sijui ya nchi gani. Programu mpya zinajitahidi, neno moja kubwa mara nyingi linatoka sawa, ila ukiweka sentensi na bei na namba ya simu unacheza kamari, na namba ya simu tarakimu moja ikikosewa umemtangazia biashara mtu mwingine. Ndo maana nimeacha ukuta mtupu juu. Ukishapata picha unaifungua kwenye Canva au programu yoyote ya kuandikia juu ya picha, unaandika mwenyewe, herufi nene nyeupe, maneno yasizidi matano sita. Tumeandika MBOGA ZA LEO ASUBUHI basi. Bluu ya ukuta niliichagua makusudi, nyekundu na kijani za mboga zinajitokeza juu yake na herufi nyeupe inasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Haya turudi kwenye ile 8K. Faili aliyoniletea dada ilikuwa pikseli 1024 kwa 1024, na ameandika 8K humo humo kwenye prompti. Karatasi ya bango lake, A3, ina upana wa sentimita 29.7, inchi kama 11.7, ukigawanya 1024 kwa hizo inchi unapata nukta 88 hivi kwa inchi. Kitu cha kusoma mkononi tunataka 300, bango la kuangaliwa kwa hatua mbili tatu hata 150 linavumilika, 88 nyanya zinakuwa kama zimepigwa ukungu. Na hiyo ya mraba ukiibandika kwenye A3 inabidi ukate pembeni au uache nyeupe. Ndo maana prompti yangu inaanza na "ndefu ya wima", programu nyingi zina hata kitufe cha kuchagua umbo, mimi nilipata 1024 kwa 1536, nikakata kidogo juu ili ikae kwenye A3, halafu nikaipitisha kwenye programu ya kukuza picha mara mbili kabla ya kuprinti. Kukuza hakuleti ukweli mpya, kunalainisha tu, ila kwa bango inatosha. Na mkinitumia faili Watsapu nitumieni kama dokyumenti sio kama picha, picha inabanwa njiani nawaambia kila siku.

Bei hatujaiprinti. Tumeacha kibox cheupe chini, tukalaminetisha, anaandika kwa maka ya ubao mweupe na kufuta kwa kitambaa, maana nyanya ikinyesha mvua wiki moja tu bei si ile.

Maksi zangu: prompti ya kwanza tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za mchicha kwa kuja angalau kijani. Ya pili naipa nane, nakata mbili sababu yale majani ya nyuma ukiyavuta karibu sio mchicha, ni majani tu, na kamba moja imefunga hewa. Dada alipolishika bango mkononi akaliangalia muda mrefu, nikajua anafurahi, kumbe anaangalia nyanya chungu. Akasema, "kaka, hizi zako zimenona kuliko zangu, zipunguze kidogo, watu watanisuta."