Wamenikata 17,700 mara mbili halafu wananiambia nilete picha

Mimi ni fundi cherehani, pesa yangu inaingia kidogokidogo, elfu kumi hapa, elfu ishirini pale, kwa hiyo elfu kumi na saba ikitoka bila kuitoa mimi naijua kabisa. Naandika nikiwa na hasira bado na sitaki kuitaja hiyo benki, ila wanaofungua akaunti kwa ajili ya biashara ndogo wanaweza kupata kitu hapa.

Kulikuwa na kato silijui. Nikaenda tawini, kijana mmoja mstaarabu sana kaunta akaniambia mama stetimenti ya kuprinti inalipiwa kwa ukurasa, njoo uangalie hapa, akageuza skrini nikapiga picha. Nilipiga humohumo ndani ya wotsapu nikamtumia kaka yangu aliyeko Morogoro kwa sababu yeye ndo mtu wa mahesabu, na chati yetu tulishaiweka meseji zifutike baada ya masaa 24. Kaka alikuwa safarini hakufungua siku hiyo, alipokuja kufungua hamna kitu, kwangu nako hamna. Kilichobaki ni kidaftari changu nilikonakili mistari miwili mitatu nikiwa nimesimama foleni.

Nikarudi na kile kidaftari. Sasa siku hiyo yule kijana hakuwepo, yupo dada mmoja dawati la huduma kwa wateja. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza, nikamwonyesha. Hata hakukishika. Ananiambia "Mama, hivi vya kuandika kwa mkono hatuvifanyii kazi, leta picha au lipia stetimenti nyingine." Nikamwambia dada yangu, hiyo picha niliipiga kwenye skrini yenu nyie, data iko kwenu, mimi nakupa tarehe na kiasi tu utafute. Akasema "nimeshakuelewesha mama, anayefuata." Anayefuata! Mimi nimefunga ofisi nimepanda daladala mbili, watu nyuma yangu wananiangalia kama mtu aliyekuja kuomba mkopo bila dhamana.

Usiku nikakaa nikaanza kuandika upya mistari yote inayonitia shaka kwenye simu. Hapo ndo nikaona shida nyingine, kwenye kidaftari nimeandika kiasi ambacho sijui ni 11,700 au 17,700, ile 1 na ile 7 zangu nikiandika haraka zinafanana. Ukimpelekea mtu wa benki kiasi kimekosewa atatafuta, hatakiona, atakwambia hakipo, na atakuwa sahihi.

Kilichoniokoa ni meseji za benki kwenye simu, maana kila ukitoa pesa inakuja na salio. Yale makato yao wenyewe hayaji na meseji (hili nalo linanikera hadi leo), lakini salio halifichi. Kwa hiyo nikaandika hivi:

12/05 nimetoa ATM, meseji inasema salio 312,300
14/05 nimetuma kwenye simu 45,000, salio 249,600
17/05 nimelipa dukani kwa kadi 38,000, salio 193,900

Sasa toa mwenyewe. 312,300 ukiondoa 45,000 inatakiwa ibaki 267,300, wao wanasema 249,600, pengo ni 17,700. Basi ile ni 7, siyo 1, shaka imeisha. Nikashuka mstari wa chini, 249,600 ukiondoa 38,000 ni 211,600, wao wanasema 193,900. Pengo 17,700 tena! Hapo nilisimama kabisa, kwa sababu kwenye daftari nilikuwa nimeandika kato moja tu, la pili sikuliona hata kwenye picha, au nililiona nikadhani ni lilelile.

Tarehe nayo usiijaze kwa kukisia. Mimi sikuwa na tarehe ya kato lenyewe, nilijua tu limepita kati ya meseji mbili, kwa hiyo nikaandika "kati ya 12 na 14" na "kati ya 14 na 17". Kaka alinikazania hapo, akasema ukiandika 13 halafu kwenye mfumo ikawa 14 wanakurudisha, na pia kuna vitu vinafanyika wikiendi vinaingia kwenye stetimenti Jumatatu, kwa hiyo tarehe ya meseji na tarehe ya stetimenti zinaweza zisifanane. Niliyoyatoa kwenye meseji nikayaacha hivyo, niliyoyatoa kichwani nikayawekea alama ya kuuliza mbele. Zile herufi za maelezo ya kato nilizoziona kwenye skrini nilikumbuka CHG tu, nikaandika CHG na alama ya kuuliza, sikuongeza neno.

Halafu kaka akaniambia gawa kwa 1.18. Huku kwetu Tanzania ada za benki zina VAT asilimia 18, kwa hiyo 17,700 ukigawa kwa 1.18 unapata 15,000 kamili. Hesabu ikitoka namba nzima namna hiyo, uwezekano mkubwa ni ada ya benki yenyewe, siyo mwizi wala siyo duka. Ingetoka na mapointi marefu ningeanza kuwaza mtu kanunua kitu kwa kadi yangu mtandaoni, na hapo jambo la kwanza ingekuwa kufunga kadi, siyo kubishana kaunta. Haithibitishi kitu asilimia mia, ila niliingia benki nikijua nauliza nini.

Siku niliyorudi nilimsubiri yule kijana, nikakataa kwenda dawati la yule dada hata alipokuwa hana mtu. Nikamsomea: mara mbili, 17,700, kati ya tarehe hizi na hizi, mwisho wa akaunti namba nne hizi, naomba unifungulie lalamiko unipe na namba ya kumbukumbu. Alitafuta hata dakika tano hazikufika. Kumbe ni ada ya kadi, ile kadi yangu ilipopotea niliomba nyingine, na ombi likaingizwa mara mbili kwenye mfumo. Kadi moja, ada mbili. Akaniomba msamaha kwa niaba yao, akafungua lalamiko, meseji yenye namba ikaingia nikiwa bado nimesimama pale.

Kwa kweli siku ile nilitoka nikiwa nimewasamehe. Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota moja nikasema hapana, kwa huyu kijana nitoe tatu, hata nne, mtu anayekusikiliza siyo mdogo. Hata yule dada nikasema labda alikuwa na siku mbaya, wote tuna siku mbaya.

Sasa juzijuzi hela imerudi. Meseji inaingia naangalia, 15,000. Elfu kumi na tano! Mlinikata 17,700 mnanirudishia 15,000, ile 2,700 ya VAT iko wapi? Kadi ya pili haipo, huduma haikutolewa, kodi ni ya nini? Nikapiga huduma kwa wateja, nikapokelewa na sauti ileile ya yule dada, au inafanana, ananiambia "mama si umesharudishiwa?" Nikakata simu maana ningetamka neno baya.

Nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya kijana wa kaunta, siyo ya benki. Mstari mpya nimeshauandika chini ya ile mingine pamoja na namba ya lalamiko: kimetoka 17,700, kimerudi 15,000, bado 2,700. Wiki ijayo naupeleka kwa barua, nagongewa muhuri nakala yangu, na wakikaa kimya naipandisha Benki Kuu, wale wanapokea malalamiko ya wateja ila lazima uwe umeanzia kwenye benki yako. Na safari hii nimepiga picha kwa kamera ya kawaida, iko kwenye simu yangu, ya kaka, na ya binti yangu.