Uzoefu wangu na ddrescue: diski ilikuwa inasaga, kazi za wateja zilikuwa ndani

Nina steshenari ndogo Sinza, na laptopu ninayochapia ilikuwa na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mwezi uliopita ilianza kukwaruza, sauti kama ya mtu anayesaga karanga. Nikifungua folda ya tasnifu za wanafunzi, mshale unaganda dakika nzima kisha unaendelea. Kumbe hapo diski inarudiarudia kusoma sehemu iliyoharibika, na Windows imekaa inasubiri jibu.

Fundi wa kwanza, Kariakoo, alitaka kuendesha chkdsk. Nashukuru nilikataa, maana chkdsk hurekebisha kwa kuandika kwenye diski ileile inayokufa. Mdogo wangu nilipompigia alisema, "Dada, izime sasa hivi, nakuja." Alikuja na flashi ya kuwashia Linux, tukasoma hali ya diski:

```
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Juu iliandikwa PASSED, nikapumua. Akanishusha hadi safu ya RAW_VALUE: Reallocated_Sector_Ct 312, Current_Pending_Sector 88. Namba ya kwanza ni sekta mbovu ambazo diski imeshazibadilisha kwa za akiba. Ya pili ni zile zilizoshindwa kusomeka na bado zinangoja. Diski isiyo na tatizo kwa kawaida huwa na sifuri kwenye zote mbili. Neno PASSED lisikutulize. Linasema tu kwamba kiwango alichoweka mtengenezaji hakijavukwa.

Nilinunua diski ya nje ya TB 1, tukaiandaa kwa ext4, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kabla ya kubonyeza chochote tulihakikisha kwa lsblk ipi ni ipi, kwani ukigeuza majina unafuta ulichokuja kuokoa. Kisha tukaendesha ddrescue, programu ya kunakili diski inayokufa:

```
sudo ddrescue -n /dev/sda /mnt/nje/nakala.img /mnt/nje/ramani.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/nakala.img /mnt/nje/ramani.map
```

Hapa ndipo nilipoipenda programu hii. Amri ya kwanza inabeba vinavyosomeka kirahisi na kuruka penye ubovu. Ya pili ndiyo inarudi kung'ang'ana na vilivyobaki, mara tatu. Ukinakili faili kwa mkono, unaweza kukwama kwenye faili bovu la kwanza huku diski ikizidi kuchakaa. Usiku umeme ulikatika na betri ikaisha. Asubuhi tulirudia amri ileile, nayo ikasoma ramani.map na kuendelea ilipoishia.

Raundi ya kwanza ilichukua saa tisa hivi. Mwishoni zilibaki MB 6 tu zisizosomeka. Tulifungua nakala kwa kusoma tu, na tasnifu zote zikafunguka isipokuwa moja, ambayo mwenyewe alikuwa nayo kwenye barua pepe.

Ingekuwa diski haionekani kabisa kwenye lsblk, ddrescue isingekuwa na cha kusoma. Ile ni kazi ya maabara ya kufungulia diski, na gharama yake ni nyingine kabisa.