Tahadhari: Muuzaji anayekujazia hundi ya dhamana ukabaki kutia saini tu

Ndugu wasomaji, naomba muwe macho na muuzaji wa bidhaa za mkopo ambaye, mkishakubaliana bei, hukuomba hundi ya tarehe ya mbele anayoiita hundi ya dhamana, kisha akajitolea kuijaza yeye mwenyewe ili wewe utie saini tu.

Tuchukue mnunuzi anayedaiwa 8,000. Muuzaji anaandika tarakimu hiyo lakini anaacha upenyo kati ya alama ya fedha na 8, na kwenye mstari wa maneno anaandika "elfu nane" karibu na katikati ya mstari. Mnunuzi anaona kiasi ni sahihi, anatia saini. Hundi ikishaondoka mikononi mwake, muuzaji anachomeka 10 kabla ya 8, na kabla ya "elfu nane" anaandika "laki moja na". Hundi sasa inasomeka 108,000 kwa tarakimu na kwa maneno pia. Mwandiko ni mmoja, wino ni mmoja, saini ni ya kweli, na karani wa benki hana cha kutilia shaka.

Wengi hudhani kwamba benki iliyolipa hundi ya namna hiyo lazima irudishe fedha. Ni kweli kwamba hundi iliyobadilishwa kiasi bila idhini ya aliyeiandika kwa kawaida huwa batili, na benki haina haki ya kumkata mteja kiasi kilichoongezwa. Lakini kinga hiyo inaweza kukutoka ikiwa uzembe wako ndio uliofungua mlango. Katika shauri la London Joint Stock Bank dhidi ya Macmillan na Arthur, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1918, karani alimpelekea bosi wake hundi yenye tarakimu ya pauni 2 iliyoachiwa nafasi, huku sehemu ya maneno ikiwa tupu. Bosi alitia saini. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akaandika kwa maneno pauni mia moja na ishirini, akalipwa. Mahakama iliamua kwamba hasara ni ya mteja, kwa sababu mwandishi wa hundi ana wajibu kwa benki yake wa kuiandika kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo jaza hundi kwa mkono wako, anza maneno mwanzoni kabisa mwa mstari, malizia na "tu", kisha piga mstari kwenye nafasi iliyobaki.

Mabadiliko yanayoonekana kwa macho ni jambo jepesi zaidi, kwani benki huirudisha hundi yenye kufutwafutwa. Baadhi hukubali sahihisho lililotiwa saini na mwandishi, nyingine hukataa hata hilo, hasa zinapobadilishana picha za hundi badala ya karatasi. Ukikosea, batilisha na uandike nyingine.

Sasa kuhusu tarehe ya mbele yenyewe. Hundi ikiwasilishwa kabla ya siku yake, benki inatakiwa kuirudisha, lakini mitambo husoma namba zilizo chini ya hundi na si tarehe uliyoiandika kwa kalamu, hivyo hundi yaweza kupita mapema. Sheria nazo hazifanani: penye desturi ya Kiingereza, benki haina haki ya kukukata kabla ya tarehe hiyo, ilhali Marekani inaweza kuilipa mapema isipokuwa kama uliitaarifu kabla. Usikubali pia kuacha tarehe wazi, kwa maana mwenye hundi huruhusiwa kuijaza.

Muuzaji wa aina hii akichelewa kuitumia hundi, hurudi akikuomba ubadilishe mwaka na kutia saini pembeni. Benki nyingi huhesabu hundi kuwa imepitwa na wakati baada ya miezi 6, na India ilipunguza muda huo kuwa miezi 3 kuanzia Aprili 2012. Kupitwa huko hakufuti deni lako, wala si hakikisho kwamba hundi haitalipwa, kwa kuwa baadhi ya sheria huiruhusu benki kuilipa kwa nia njema. Mdai akurudishie karatasi ya zamani kwanza, ndipo umwandikie mpya.

Akikataa kuirudisha, iandikie benki barua ya kusimamisha malipo ukitaja namba ya hundi, tarehe, jina la mlipwaji na kiasi halisi, na uombe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hakiki namba hiyo kwenye kishina cha kitabu chako, kwa maana amri yenye namba isiyo sahihi inaweza kuzuia hundi nyingine na kuiacha hii ipite. Uliza pia amri hiyo inadumu kwa muda gani, kwani kuna benki ambazo huihitaji ihuishwe baada ya miezi 6.